Dubu wa mtoto, shuka na utitiri wa vumbi: kuua ni kazi moja, kuosha ni nyingine

Katika kliniki ya watoto wenye pumu na mzio ninapofanya kazi, Tanga, kina mama wengi huniambia kwamba kila Jumamosi wanatoa godoro na midoli juani. Ni vizuri. Nikiwauliza dubu anayelala na mtoto alioshwa lini, jibu huwa ni kicheko.

Utitiri wa vumbi haung'ati wala haunyonyi damu. Usiuchanganye na kunguni. Ni vijidudu vya robo milimita hivi, na chakula chao ni ngozi inayobambuka mwilini mwetu. Hawanywi maji. Unyevu wanaouhitaji wanaufyonza kutoka hewani, ndiyo maana pwani yetu inawafaa sana, na kitanda cha mtoto anayetoka jasho usiku kinawafaa zaidi. Kinachomfanya mtoto apige chafya, awashwe macho au abanwe kifua ni protini iliyomo hasa katika kinyesi chao. Utitiri ukifa leo, kinyesi chake kinabaki pale pale na kinaendelea kumsumbua mtoto. Kwa hiyo kuna kazi mbili. Joto huua, lakini halisafishi. Maji husafisha, kwa sababu protini ile huyeyuka majini, lakini maji ya baridi hayaui: utitiri hung'ang'ania nyuzi na wengi hutoka hai kwenye beseni.

Shuka na foronya ni rahisi, kwani maji ya moto hufanya kazi zote mbili kwa pamoja. Unahitaji nyuzijoto 60. Mwenye mashine ya kufulia achague namba hiyo. Asiye nayo achemshe maji. Mimi huwaelekeza hivi: kwanza suuza shuka kwa maji ya baridi, hasa kama mtoto amekojoa au kuna doa la maziwa au damu, maana moto hugandisha madoa ya aina hiyo yasitoke tena. Kisha weka kwenye ndoo lita 8 za maji ya bomba, ongeza lita 10 za maji yaliyotoka kuchemka, tia sabuni, zamisha shuka kwa mwiko na ufunike. Maji yataanza karibu na nyuzi 65, yatapoa kidogo kwa ubaridi wa ndoo na nguo, lakini yakifunikwa yatabaki na moto wa kutosha kwa dakika 20, na muda huo unatosha. Usijaze ndoo hadi nguo zikabanana, maana katikati hapatapata moto. Na mtoto asiwe karibu, ndoo ya maji ya namna hii humuunguza vibaya. Baada ya hapo fua kawaida na usuuze mara mbili, kila mara kwa maji mapya. Fanya hivyo kila wiki.

Dubu ndiye mgumu. Chukua dubu wa kawaida wa dukani, urefu wa sentimita 40, aliyejazwa pamba ya plastiki, macho yamegundishwa kwa gundi. Maji ya nyuzi 60 yanaweza kubandua macho yale, na jicho la plastiki mdomoni mwa mtoto ni hatari kuliko utitiri wenyewe. Soma kwanza lebo iliyoshonwa ubavuni. Ikiruhusu 60, mfanyie kama shuka. Ikisema 30, tenganisha kazi: ua utitiri kwanza dubu akiwa mkavu, kisha muoshe kwa maji ya uvuguvugu.

Kuua kwa jua kunahitaji joto lipenye hadi tumboni. Dubu aliyeanikwa kwenye kamba hupigwa upepo, hivyo ngozi yake hupata moto lakini ndani hubaki fufutende, na utitiri huhamia huko. Mtie akiwa mkavu kabisa kwenye mfuko mweusi wa taka, funga, na uulaze juu ya bati lililopigwa na jua tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa, ukiugeuza katikati ya muda. Ukiwa na kipimajoto cha jikoni, kitie kando yake ndani ya mfuko. Unachokitafuta ni nyuzi 55 au zaidi zinazodumu, na tumbo huchelewa kuzifikia kuliko hewa ya mfuko. Siku ya mawingu usijisumbue. Dubu mwenye betri, toa kisanduku cha betri kwanza, na kama hakitoki, huyo si wa kulala naye.

Kisha maji. Mzamishe kwenye beseni lenye sabuni ya unga kidogo na umkamue kwa kubonyeza, usimsokote, maana pamba itajikusanya mabonge. Mwaga maji, weka mengine, bonyeza tena, mpaka yatoke maangavu bila povu. Mviringishe ndani ya taulo kavu na ulikalie taulo hilo. Mito ya sufi haiingii katika utaratibu huu. Sufi ikilowa haikauki sawasawa. Badilisha ndani na ufue foronya tu.

Wengi huharibu kazi kwenye kukausha. Dubu aliyebaki na maji tumboni anaota kuvu, na anawapa utitiri mpya unyevu wanaoutaka, na kuvu nayo huchochea pumu. Nje huonekana mkavu mapema sana, kwa hiyo usiamini mkono. Tumia mzani wa jikoni: mpime kabla ya kumuosha na uandike. Tuseme alikuwa gramu 420. Jioni ya siku ya kwanza ni gramu 455, basi ana gramu 35 za maji ndani, hata kama manyoya yake yanateleza kwa ukavu. Mrudishe juani kesho, kichwa chini, hadi arudi 420 au azidi gramu chache tu. Usiku asiachwe nje. Mwingize ndani saa kumi alasiri, kabla upepo wa jioni haujarudisha unyevu. Akinuka uvundo siku ya pili, muoshe upya.

Masika jua halitoshi, hapo friza inasaidia. Mfunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, asipate harufu ya samaki, na umwache katika nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku mbili, maana katikati huchelewa kuganda. Friza huua tu. Bado ataoshwa, tena siku ambayo una uhakika wa kumkausha.

Kitu kimoja cha kitandani kisiingizwe kwenye ndoo ya moto wala kuanikwa juani: chandarua chenye dawa. Moto, sabuni kali na jua hupunguza dawa ya kuzuia mbu. Kifue kwa maji ya baridi na sabuni laini, kikaukie kivulini.

Godoro la sponji huwezi kulifua, na ndilo lenye utitiri mwingi kuliko midoli yote. Lifunike kwa kifuniko chenye zipu kinachoziba pande zote, vinginevyo shuka safi inatandikwa juu ya chanzo. Hata hivyo si kila kikohozi ni cha utitiri, na kwa mwenye pumu ufuaji peke yake mara nyingi hautoshi. Pampu ya kuzuia pumu aliyoandikiwa na daktari aendelee nayo kila siku, hata wiki ambayo dubu ni safi na mtoto amelala bila kukohoa.