Weusi kwenye ukucha: damu iliyovilia, rangi ya mwili au saratani?

Dhana: "Nimejigonga tu, itaisha."

Matondoni, kule Lamu wanakounda majahazi, fundi hashangai kuona weusi kwenye ukucha wa kidole gumba. Mara nyingi ni kweli, ni damu iliyovilia. Lakini damu huhama. Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, nao huisukuma damu kuelekea nchani huku nyuma yake ukitoka ukucha safi. Basi fundi aliyejigonga Januari, kufika Machi doa lake liwe limesogea kama milimita 6. Likiwa bado ni mstari unaoanzia shinani hadi nchani, hata akikumbuka vizuri siku ya nyundo, huenda ni rangi inayotoka kwenye shina la ukucha. Apige picha kila mwezi kwa simu, kwenye mwanga ule ule, alinganishe. (Ukucha wa mguu hukua polepole zaidi, kwa hiyo huko asubiri kwa muda mrefu zaidi.)

Dhana: "Mtu mweusi hapati saratani ya ngozi."

Anapata. Melanoma, saratani ya ngozi inayoanzia kwenye seli za rangi, kwetu hupenda kutokea nyayoni, viganjani na chini ya kucha. Bob Marley aligunduliwa nayo mwaka 1977 kwenye kidole cha mguu, akafariki mwaka 1981.

Hata hivyo, msiogope kila mstari. Watu weusi wengi huwa nayo, na huongezeka na umri: myembamba, kingo zimenyooka, vidole kadhaa, miaka nenda miaka rudi haibadiliki. Ujauzito na baadhi ya dawa pia huileta. Ninaoutilia shaka ni ule uliozuka ukubwani kwenye ukucha mmoja, hasa wa gumba la mkono au la mguu, ukapita milimita 3 na unazidi kutanuka. Tazameni shinani: pakiwa papana kuliko nchani, mstari unakua, maana ncha ndiyo sehemu ya zamani. Na weusi ukivuka hadi kwenye ngozi inayozunguka ukucha, nendeni kwa daktari wiki hiyo hiyo.

Dhana: "Hina haina neno."

Kwa ukucha haina, ila inaficha. Hina hushika juu ya ukucha na huondoka kadiri unavyokua, lakini harusi zikifuatana hupakwa upya kabla haijaisha, mwaka ukapita bila mtu kuona kilicho chini. Tena hutia rangi ngozi ya pembeni, ile ile tunayohitaji kuikagua. Dada zangu, kagueni kucha kabla ya kila kupaka.

Dhana: "Nikate ncha nipeleke maabara."

Ncha inafaa kwa ukucha mnene wenye manjano, kuthibitisha kuvu kabla ya kumeza dawa kwa miezi. Kwa mstari mweusi, ncha pekee haitoshi. Daktari hupiga sindano ya ganzi, huinua ukucha na kuchukua kipande kidogo cha shina pale mstari unapoanzia. Ukucha unaweza kubaki na ufa baadaye. Aulizwe hilo kabla ya kuanza.