Kabla ya kumsingizia chuma ulete

Mama mmoja anayeuza mafuta ya alizeti na unga karibu na soko la Majengo, hapa Dodoma, alifika kwenye dawati letu la wafanyabiashara wadogo akiwa na lalamiko moja. "Dada, kwa mwezi zinaingia zaidi ya milioni sita kwenye hii simu, halafu mwisho wa mwezi nakosa hela ya mzigo. Sasa hii si chuma ulete?"

Sikucheka, maana kwa namna anavyoiangalia simu yake, hesabu kweli haifungi. Laini ni moja tangu anaanza biashara. Wateja wanalipia hapo, ada ya mtoto inatokea hapo, mchezo wa wanawake unatumwa hapo, na mama yake Kondoa anatumiwa kutoka hapo hapo.

Tulianza kwa kupakua taarifa ya miamala ya mwezi mmoja kupitia programu ya simu. Usianze na mwaka mzima, utachoka njiani. Tena muamala wa Januari hutakumbuka ulikuwa wa nini. Tukaichapisha, tukachukua kalamu ya bluu kwa duka na nyekundu kwa nyumbani. Usiyekumbuka unauwekea alama ya kuuliza, kisha unarudi kwenye meseji za siku ile kutafuta jina la mtu. Kazi ilichukua saa mbili na chai vikombe viwili. Tarakimu nilizoweka hapa nimezibadilisha kidogo ili asitambulike, ila picha ni ile ile.

Zilizoingia zilikuwa 6,840,000. Wateja walilipa 4,910,000. Nyingine 450,000 alikuwa ameziweka mwenyewe kwa wakala. Ni mauzo ya taslimu, kwa hiyo nazo ni za duka. Hapa pana mtego: kama mauzo hayo ya taslimu ulishayaandika kwenye daftari siku ulipouza, usiyahesabu tena siku unapoyapeleka kwa wakala. Yeye hakuwa na daftari, basi tukayahesabu mara moja. Mauzo halisi yakawa 5,360,000. Zilizobaki hazikuwa mauzo kabisa: mchezo ulimfikia zamu, 800,000, mwanawe alimtumia 180,000, na mkopo wa kuongeza mzigo, 500,000.

Upande wa kutoka, mzigo ulikula 4,300,000. Usafiri na kodi ya fremu 390,000, makato ya miamala 115,000. Sehemu ya makato hayo ni ya nyumbani, lakini tuliyaacha yote upande wa duka ili tusikwame. Madumu yaliyokuwa stoo mwanzo wa mwezi na mwisho wa mwezi yalikaribiana, kwa hiyo tungeweza kusema mzigo ulionunuliwa ndio uliouzwa. Kama stoo ingekuwa imejaa kuliko mwanzo, sehemu ya pesa ingekuwa imelala kwenye madumu na hesabu ingebadilika. Ukitoa gharama hizo kwenye mauzo, duka lilibakiza 555,000.

Nyumbani je? Ada, luku, king'amuzi, chakula, Kondoa: 1,750,000. Ongeza mchango wa mchezo 200,000, inafika 1,950,000. Duka lilichangia 555,000 zote, mchezo 800,000, mwanawe 180,000. Bado 415,000. Salio la simu lilishuka kwa 65,000. Na ule mkopo wa 500,000, aliokwisha kuulipa 150,000, ndio uliotoa 350,000 zilizobaki. Mkopo uliochukuliwa kwa jina la mzigo ulikwenda shuleni. Mama alikaa kimya kidogo, akauliza, "Kwa hiyo mwizi ni mimi?" Nikamwambia hakuna mwizi, kuna mfuko mmoja wenye wenyewe wawili.

Kuna dalili nyingine ambayo wengi hawaioni. Laini nyingi zina huduma ya kukukamilishia muamala salio lisipotosha, na deni hilo hukatwa lenyewe pesa ya kwanza inapoingia. Usiku unanunua luku ya nyumbani kwa deni, asubuhi mteja wa kwanza analipia dumu, nusu ya hela inaondoka kabla hujafungua mlango. Kwenye taarifa tuliiona mara saba.

Sasa kutenganisha. Wengi hukimbilia kusajili laini mpya na kuwaambia wateja wahamie huko. Mimi hushauri kinyume: namba ya zamani ibaki yako wewe, kwa sababu ndugu hawataacha kuitumia hata ukiwaambia mara kumi, na duka lipewe Lipa Namba. Wateja huhama haraka, wanasoma bango tu. Kwa kawaida utaombwa kitambulisho cha NIDA na TIN. Isajiliwe kwa jina lako au la biashara yako, isiwe ya mume wala ya kijana wa dukani. Laini ikiwa yake, kumbukumbu za mauzo ni zake, na siku mkikosana anaondoka nazo.

Siku ya kuhama, amua kiasi kilichomo kwenye simu kilicho cha duka. Yeye alikuwa na 245,000; tukakubaliana 200,000 ni za mzigo, akaandika kwenye daftari "mtaji wa kuanzia". Kuanzia hapo kila shilingi inayovuka upande mmoja kwenda mwingine ina jina. Ikitoka dukani kwenda kwake ni posho. Akitoa hela ya mchezo kununua madumu, anaandika "mtaji ulioongezwa", si mauzo. Akibeba lita tano kupeleka nyumbani, anaandika kwa bei ya kununulia, kwa sababu mafuta yale nayo ni pesa.

Posho tuliipanga 100,000 kila Jumamosi, kwa muamala mmoja. Kwa duka linalobakiza 555,000, zinabaki 150,000 hivi za kulipia mkopo. Ni ndogo kwa nyumba yake, na alilalamika. Lakini pengo hilo lilikuwepo tangu zamani, mkopo ndio ulikuwa unalificha. Mtoto akiugua usiku, achukue hela ya duka bila kujilaumu, aandike "nimekopa dukani" na tarehe.

Ieleweke kwamba kisheria mfanyabiashara binafsi na biashara yake ni mtu mmoja. TIN ni ile ile, na deni la duka linaweza kumfuata mpaka nyumbani. Tunachotenganisha ni hesabu. Ila hesabu hiyo ina uzito, kwa sababu kodi ya makadirio ya wafanyabiashara wadogo hupigwa kwenye mauzo ya mwaka, si kwenye faida. Mtu akiisoma taarifa ya mama huyu bila maelezo, 6,840,000 kwa miezi kumi na miwili ni milioni 82. Mauzo halisi kwa mwendo ule ule ni milioni 64. Milioni 18 za katikati ni mchezo, mkopo na huruma ya mwanawe. Kwa hiyo zile karatasi zenye rangi mbili asizitupe. Sheria ya Usimamizi wa Kodi inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano. Apakue taarifa ya kila mwezi mwezi unapoisha.

Wiki ya tatu alinipigia. Alikuwa amelinganisha daftari na Lipa Namba kabla ya kufunga, na Lipa Namba ilikuwa na 12,000 zaidi. Tulipekua pamoja kwenye simu: shemeji yake alikuwa amelipa deni la unga wa mwezi uliopita. Akaandika "deni limelipwa", akafunga duka.