Namba kubwa kuliko zote katika sampuli: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Tuseme tuna namba n zilizochaguliwa kwa bahati nasibu kati ya 0 na kikomo θ. Kila sehemu ya masafa hayo ina nafasi sawa na nyingine, na hakuna namba inayotegemea nyingine. Tukizipanga kutoka ndogo hadi kubwa tunapata kile wanatakwimu wanachokiita takwimu za mpangilio. Iliyo kubwa kuliko zote tuiite M. Makosa mengi yanayofanywa kuhusu M yana mzizi mmoja: watu huichukulia kana kwamba ni namba moja tu kati ya zile n, au kana kwamba ni wastani.

Dhana: namba zina usambazaji sare, kwa hiyo M nayo ina usambazaji sare.

Sivyo. Ili M isizidi x, lazima namba zote n zisizidi x. Kila moja ina uwezekano x/θ wa kutozidi x, na kwa kuwa hazitegemeani, uwezekano huo unazidishwa:

P(M ≤ x) = (x/θ)ⁿ

Huu ndio usambazaji limbikizi wa M. Ukitafuta derivativi yake unapata msongamano n·xⁿ⁻¹/θⁿ, ambao huanza chini kabisa karibu na 0 na kupanda hadi kilele chake palepale kwenye θ. Kwa namba 5 na θ = 1, uwezekano wa M kuzidi 0.9 ni 1 − 0.9⁵, yaani takribani 0.41. Kama M ingekuwa sare, ungekuwa 0.1 tu.

Kosa hili mara nyingi huzaliwa kwenye hesabu yenyewe: mwanafunzi hupandisha msongamano kwenye kipeo n badala ya usambazaji limbikizi. θ ikiwa 1, msongamano ni 1, na 1⁵ ni 1, kwa hiyo jibu linatoka sare na linapendeza macho. Jaribu kwa θ = 2 uone linavyoanguka. (1/2)⁵ ni 1/32, na eneo lake kutoka 0 hadi 2 ni 1/16, ilhali eneo chini ya msongamano wowote lazima liwe 1. Kosa la ndugu yake ni kujumlisha: "uwezekano wa moja kuzidi 0.7 ni 0.3, basi kwa tano ni 1.5." Hakuna uwezekano unaozidi 1. Jibu sahihi ni 1 − 0.7⁵, takribani 0.83.

Asiyeamini na aifanye kompyuta irudie zoezi hili mara 100,000 kwa lugha ya R:

```
m <- replicate(100000, max(runif(5)))
mean(m > 0.9)
mean(m)
```

Mstari wa pili utatoa namba iliyo karibu na 0.41, na wa tatu karibu na 0.833.

Dhana: M ndiyo makadirio ya haki ya θ.

Ile 0.833 ni 5/6, na inaonyesha M inapopungukia. Namba 5 zikitupwa kwenye mstari kutoka 0 hadi θ huacha nafasi 6: moja kabla ya namba ya kwanza, nne katikati, na moja baada ya ya mwisho. Kwa wastani nafasi hizo zote zina urefu sawa, θ/6 kila moja. Kwa hiyo M hukaa, kwa wastani, nafasi moja nyuma ya θ. Kwa n yoyote, wastani wa M ni nθ/(n+1).

M haiwezi kuzidi θ hata siku moja, hivyo makosa yake yote huegemea upande mmoja. Tiba ni kuzidisha: (n+1)/n × M haina upendeleo wa juu wala wa chini.

Dhana: mara mbili ya wastani wa sampuli ni salama zaidi, kwa sababu inatumia namba zote.

Ni kweli kwamba wastani wa usambazaji huu ni θ/2, na kwamba kuuzidisha kwa 2 hakuna upendeleo. Lakini angalia sampuli hii: 3.1, 7.4, 1.2, 9.0, 0.8. Jumla ni 21.5, wastani 4.3, na mara mbili yake 8.6. Tumeambiwa kikomo ni 8.6 wakati 9.0 iko mbele ya macho yetu! Makadirio kwa njia ya M ni 6/5 × 9.0 = 10.8, ambayo angalau yanawezekana.

Na pengo hukua kadiri sampuli inavyokua. Varianzi ya njia ya wastani ni θ²/(3n), ilhali ya M iliyosahihishwa ni θ²/(n(n+2)). Kwa n = 100, mchepuko sanifu wa ya kwanza ni takribani 0.058θ na wa pili takribani 0.0099θ, karibu mara sita chini. Ukishaijua M, namba nyingine hazina habari zaidi kuhusu θ. Kuziingiza kwenye makadirio ni kuongeza kelele.

Dhana: ukitaka masafa ya uhakika wa asilimia 95 kwa θ, chukua makadirio, ongeza na utoe michepuko sanifu 1.96.

Kanuni hiyo ni ya usambazaji wa kawaida, wenye umbo la kengele. M haiendi huko hata n ikiwa kubwa sana: pengo θ − M, likizidishwa kwa n/θ, hukaribia usambazaji wa kieksponenti, wenye mkia upande mmoja tu. Kwa sampuli yetu, mchepuko sanifu unaokadiriwa ni 10.8/√35, takribani 1.83, na kanuni hiyo inatupa masafa ya 7.2 hadi 14.4. Sehemu yote iliyo chini ya 9.0 haiwezekani.

Njia sahihi ni fupi kuliko hiyo. M/θ haizidi 0.05^(1/n) kwa uwezekano wa 0.05, kwa hiyo masafa ya uhakika wa asilimia 95 ni kutoka M hadi M/0.05^(1/n). Hapa 0.05^(1/5) ni takribani 0.549, na masafa ni 9.0 hadi 16.4.

Dhana: hesabu ni sahihi, basi jibu ni salama.

Hesabu yote hii imeegemea namba moja. Aliyeandika data akisahau nukta, 9.0 ikawa 90, makadirio yanaruka hadi 108. Kuna njia ya kulinasa kosa hilo. Ukishajua M, namba nne zilizobaki zina usambazaji sare kati ya 0 na M. Kwa hiyo uwezekano wa zote nne kutozidi 7.4 ni (7.4/M)⁴. M ikiwa 9.0, unapata takribani 0.46, jambo la kawaida kabisa. M ikiwa 90, unapata chini ya 0.00005. Hapo ama namba hiyo imeandikwa vibaya, ama data haina usambazaji sare, na kwa vyovyote vile fomula za hapo juu hazifai kutumika hadi ijulikane ni lipi.