Muuaji harithi, lakini ni nani anayesema yeye ni muuaji?

Misiba ya hapa Dar ina maneno, na hakuna maneno yanayochoma kama ya mzee kufa kwa kupigwa halafu ndugu wanaanza kunong'ona kwamba ni yule mtoto wa pili, na kabla arobaini haijafika kikao cha ukoo kimeshaamua "huyu hana chake humu ndani". Kanuni ipo kweli, mtu aliyemuua marehemu anakosa urithi wake. Ila inafanya kazi kwa masharti, na watu wengi wanaijua nusu.

Kwanza inategemea marehemu anafuata sheria gani. Kwetu Tanzania mirathi haina sheria moja: kuna ya Kiislamu, kuna ya kimila, na kuna ya kiserikali ambayo mizizi yake ni sheria ya India ya mwaka 1865, na mahakama inaangalia marehemu aliishi vipi na alitaka mali yake igawiwe vipi. Kwa Waislamu msingi ni hadithi ya Mtume kwamba muuaji harithi. Wenye madhehebu ya Shafi, ambayo ndo ya wengi huku pwani, wamekaza sana, hata aliyeua kwa bahati mbaya, mfano alikuwa anaendesha gari na baba yake wakapata ajali kwa kosa lake, naye harithi. Wamaliki wanasema hapana, aliyeua kwa makusudi tu ndo anakosa, wa bahati mbaya anarithi mali isipokuwa ile fidia ya damu. Kwahiyo ndugu wawili wanaweza kukaa kwa mashehe wawili wakapata majibu tofauti na wote wakawa wamejibiwa sawa.

Kwa wanaofuata sheria ya kiserikali kanuni inatoka kwenye maamuzi ya mahakama za Kiingereza, kwamba mtu hawezi kuvuna faida ya uhalifu wake mwenyewe, kesi inayotajwa sana ni ya mwaka 1892. Majirani zetu Kenya wao wameiandika kabisa kwenye sheria yao ya mirathi, kifungu cha 96, kwamba mtu mwenye akili timamu akiua kwa kukusudia hapati chochote kwenye mali ya aliyemuua, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka.

Sasa hesabu, maana hapa ndo watu wanapotea. Tuseme mzee Muislamu wa Mbagala amekufa, kaacha mke, watoto wa kiume wawili na binti mmoja, na baada ya madeni na mazishi mali imebaki milioni 96. Mke anachukua moja ya nane, milioni 12. Inabaki 84, na mtoto wa kiume anapata mara mbili ya wa kike, kwahiyo mafungu matano, kila kijana milioni 33.6 na binti 16.8. Ikithibitika kijana mmoja ndo alimuua baba yake, fungu lake haliendi serikalini wala haliwekwi pembeni, anahesabiwa kama hayupo kabisa. Mama anabaki na 12 zake, ile 84 inagawiwa mafungu matatu, kijana aliyebaki anapata 56 na binti 28.

Badilisha kidogo. Tuseme muuaji alikuwa ndo mtoto wa kiume pekee, na ana mtoto wake wa kiume. Kwa kawaida mjukuu anazuiwa na baba yake. Lakini aliyenyimwa kwa kuua hamzuii mtu mwingine, kwahiyo mjukuu anaingia: mama milioni 12, binti nusu ya mali yote yaani 48, na mjukuu anachukua kinachobaki, 36. Nimeona ndugu wanamtoa mtoto pamoja na baba yake eti "damu ile ile", na hilo linaniuma sana, mtoto hajaua mtu, haki yake ni yake na sheria imemwachia.

Kumkosea marehemu bila kumuua ni habari nyingine. Kwenye sheria ya Kiislamu mtoto aliyempiga baba yake ana dhambi kubwa lakini anarithi, na baba hawezi kuandika wosia wa kumfuta. Kwenye mila ndo kuna mlango. Lile tangazo la sheria za mila la mwaka 1963, GN namba 436, linaruhusu mwenye wosia kumnyima mrithi kama mrithi amezini na mke wake, au amejaribu kumuua, au amemshambulia au kumdhuru vibaya yeye au mama wa mrithi mwenyewe, au bila sababu ya haki hakumtunza kwenye njaa au ugonjwa. Lakini lazima aseme wazi kwenye wosia kwamba anamnyima na kwa sababu gani, na huyo mtoto apewe nafasi ya kujitetea, mbele ya mzee mwenyewe au baraza la ukoo. Wosia nyingi zinaangukia hapa hapa. Mzee anaumwa, anakasirika, anaita mashahidi anasema fulani asipate kitu, mtoto yuko Mwanza hajaitwa wala hajaambiwa, mzee anafariki, kijana anaenda mahakamani na kusema mimi sikusikilizwa, na hapo ule wosia unaomnyima hausimami. Ukiwa na mzazi anayetaka kufanya hivi, aitwe huyo mtoto, aseme yake, na yaandikwe, hata kama ukweli wa kilichotokea kila mtu anaujua.

Turudi kwa yule anayetuhumiwa kuua. Tuhuma haimtoi mtu kwenye mirathi, kukamatwa haimtoi, kukaa mahabusu Keko haimtoi. Katiba inamhesabu hana hatia mpaka ithibitike. Kwahiyo wakati wa kufungua mirathi, labda pale Temeke kwenye kituo jumuishi cha masuala ya familia, jina lake liandikwe kwenye orodha ya warithi na mahakama ielezwe kwamba ana kesi ya mauaji kuhusu marehemu huyu huyu. Kumficha ni kosa la kujimaliza wenyewe, maana akitoka baadae anakwenda kuomba usimamizi ufutwe kwa sababu ulipatikana kwa kuficha ukweli, na mnaanza upya na nyumba pengine mmeshaiuza.

Upande wa pili, yeye akiomba kuwa msimamizi wa mirathi, wekeni pingamizi mapema, na mwiteni mtu mwingine asiye na mgogoro aombe. Msimamizi mzuri atalipa madeni, atakusanya kodi za wapangaji, anaweza hata kuwapa wengine kile kiasi ambacho ni chao kwa vyovyote vile. Kwenye mfano wetu wa kwanza mama anaweza kupewa 12 zake, kijana 33.6 na binti 16.8 bila hatari, na ile 33.6 ya mtuhumiwa ikae. Akitiwa hatiani, ile hukumu ni ushahidi unaotosha kwenye mirathi, hamhitaji kuthibitisha mauaji upya. Ila subirini rufaa, mtu amehukumiwa na Mahakama Kuu leo na Mahakama ya Rufani ikamwachia baadae, imetokea kwa kesi nyingi za mauaji, na kiwanja mlichogawana kishakuwa na ghorofa la mtu mwingine.