Sampuli lengwa au sampuli nasibu? Sura ya Tatu ya utafiti wa shule moja

Kila msimu wa kutetea tasnifu nakutana na sentensi hii kwenye Sura ya Tatu: "Washiriki walichaguliwa kwa njia nasibu ili kuepuka upendeleo." Afu nageuza ukurasa nakuta washiriki wenyewe ni mkuu wa shule, mwalimu wa taaluma na wanafunzi kumi. Mkuu wa shule yupo mmoja tu, umemchomoa kati ya nani na nani? Huyo umemfuata kwasababu ana taarifa unazozitaka, hiyo ni sampuli lengwa na hakuna aibu yoyote, iandike tu.

Ila shida kubwa iko kwa wale wanafunzi. Nichukue mfano wa kazi ambayo nawapa sana ninaowasimamia. Mtu anataka kujua wanafunzi wa Kidato cha Kwanza wanavyoipokea lugha ya Kiingereza darasani, maana hapa Tanzania wengi wanatoka shule za msingi walikosoma kwa Kiswahili, wakifika sekondari wanakuta masomo karibu yote kwa Kiingereza. Tuseme shule ina wanafunzi 120 wa Kidato cha Kwanza, na 12 kati yao wametoka shule za msingi za mchepuo wa Kiingereza. Mtafiti anataka kulinganisha makundi hayo mawili, na ana muda wa kuhoji wanafunzi kumi tu.

Sasa akiandika majina 120 kwenye vikaratasi, akavikoroga kwenye ndoo na kuchomoa kumi, anategemea kumpata mmoja wa lile kundi dogo. Mmoja! Na nikipiga hesabu ya uwezekano, yaani 108/120 mara 107/119 hivyo hivyo mpaka vikaratasi kumi viishe, napata kama 0.33. Maana yake ukirudia zoezi hilo mara tatu, tegemea mara moja utoke bila hata mmoja wao, na ulinganisho wako umekufa kabla hujawasha kinasa sauti. Ndoo haijakosea kitu, bahati nasibu inafanya kazi vizuri idadi ikiwa kubwa, kwa watu kumi inayumba sana.

Kwa hiyo hapo sampuli lengwa ndo sahihi, na hesabu hiyo hiyo ndo utetezi wako mbele ya paneli, ina uzito kuliko kuandika "njia hii ni rahisi na haina gharama". Lakini useme kigezo, na kigezo kiwe kitu mtu mwingine anaweza kukikagua, mfano shule ya msingi iliyoandikwa kwenye fomu ya usajili. Usimwambie mwalimu wa darasa "nichagulie watano", atakuletea wanaojieleza vizuri, kila mwalimu anapenda mgeni aone darasa lake likisifika, na wewe unatafuta hasa wale wanaokaa kimya.

Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba njia hizi mbili zinaweza kukaa pamoja. Ukishapata orodha ya wale 12 kwa kigezo, chomoa watano kwa vikaratasi, na wale 108 nao chomoa watano. Kundi umelilenga, ila mtu ndani ya kundi hukumchagua wewe wala mwalimu. Ukitumia Excel weka =RAND() pembeni ya kila jina, nakili namba uzibandike kama thamani ndo upange, la sivyo zinabadilika kila ukigusa kitu na hutaweza kuonyesha ulivyompata nani.

Hojaji ni habari nyingine. Kama unataka kusema "asilimia fulani ya Kidato cha Kwanza hawaelewi maelezo ya mwalimu wa Baiolojia", hapo nasibu inahitajika kweli, na orodha yako iwe rejista nzima, sio waliokuwepo siku uliyofika. Wasiokuwepo shuleni mara nyingi ndo wanaopata shida zaidi, ukiwaruka asilimia yako inapendeza kuliko hali yenyewe. Na hata ukifanya yote hayo vizuri, asilimia hiyo ni ya shule hiyo moja. Nakutana na Sura ya Tano inayozungumzia "shule za sekondari za wilaya" wakati shule yenyewe ilichaguliwa kwasababu iko karibu na nyumbani kwa mtafiti.

Aya ya kwenye Sura ya Tatu inaweza kusomeka hivi: "Wanafunzi 12 waliotoka mchepuo wa Kiingereza walitambuliwa kupitia fomu za usajili. Watano kati yao, na watano kati ya 108 waliobaki, walichaguliwa kwa kuchomoa vikaratasi. Mzazi mmoja hakuridhia, nafasi ikajazwa na jina lililofuata kuchomolewa katika kundi hilo hilo." Hiyo sentensi ya mzazi usiifute, wanafunzi wangu wengi huifuta wakidhani inaonyesha udhaifu, mimi nikiisoma ndo naamini kwamba uchaguzi ulifanyika kweli.