Taa zimeshinda, mfereji haukutajwa: nani kaamua?

Tuseme ni mwezi wa tano, watu wa wadi ya Mkomani mmeitwa kikao cha bajeti ya kaunti. Karatasi zinagawiwa, mnaulizwa mwataka taa za njiani ama darasa la chekechea. Mwabishana, mikono inanyoshwa, taa zinashinda. Hapo nguvu iko wazi, mwaona nani kapata na nani kakosa, na wasomi wa siasa kama Robert Dahl mwaka 1961 walikuwa wanaipima hivo hivo, kwa kuangalia nani anashinda ubishi. Huo ndo uso wa kwanza wa nguvu.

Sasa mama mmoja anasimama nyuma auliza, na mfereji wa maji machafu unaopita mlangoni kwangu je? Anajibiwa kwa adabu kabisa, "mama hilo tumelichukua", basi limekwisha. Hakuna aliyempinga, ni vile tu haliko kwenye karatasi. Mwaka 1962 wasomi wengine wawili, Bachrach na Baratz, walisema huu ni uso wa pili wa nguvu: anayepanga kijadiliwe nini kashashinda kabla kikao hakijafunguliwa.

Na kwa kaunti zetu za Kenya mlango huo wa kupanga kijadiliwe nini una tarehe yake. Sheria ya fedha za umma ya 2012 yataka mpango wa maendeleo wa mwaka ufike bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, yaani miezi kumi kabla mwaka wenyewe wa fedha kuanza Julai. Februari kila idara yawekewa kiwango chake cha matumizi, tarehe 30 Aprili makadirio yafika bungeni, na kuanzia hapo wawakilishi wakitaka kuongeza pesa mahali lazima wapunguze pengine. Kwa iyo mama akija Mei na mfereji wake ni sawa na kuomba taa za jirani zing'olewe, angekuja Agosti angeomba tu. Lakini tangazo la Agosti la kuita maoni mwalikumbuka? (Mimi nafanya kazi hii ya vikao vya bajeti na mwaka mmoja lilinipita.)

Uso wa tatu ni mgumu zaidi, msomi Steven Lukes aliueleza 1974. Hapa mama haulizi kabisa, asema mitaro ya wazi ndo mji wa kale ulivyo, tumezaliwa tumeikuta. Utajuaje kama ni ridhaa yake ama kazoezwa? Linganisha. Kule Marekani miji miwili ya viwanda vya chuma, moshi mmoja, East Chicago ilipitisha sheria ya moshi 1949, Gary ikangoja mpaka 1962. Gary ilitegemea kampuni moja kubwa, nayo haikuhitaji kusema neno, watu walijinyamazia wenyewe.

Nasi tunapozunguka tunauliza mtaa wa pili wenye mtaro kama huo, wao walilalamika? Kama walilalamika, twarudi kwa yule mama kumuuliza aliogopa kumuudhi nani. Na kuna siku hujibu, mwanangu, mimi taa nazitaka kweli, na hapo mtaalamu hana haki ya kumwambia hajui anachokitaka.