Faida inayoyeyuka ndani ya daftari la madeni: kiwango cha dola na duka la simu Lubumbashi

Kazi yangu ni kushauri wafanyabiashara wadogo wanaokopa kwenye taasisi yetu ya fedha hapa Lubumbashi. Mwenye duka la simu au televisheni anapokuja na kuniambia kwamba ameuza mzigo wote lakini pesa za kuagiza mwingine hazitoshi, siombi kwanza kuona hesabu ya mauzo. Naomba daftari la madeni. Mara nyingi faida yake imepotelea humo, bila mteja hata mmoja kukataa kulipa.

Maduka yetu mengi ya umeme na simu yanaagiza Dubai au China, yanalipa kwa dola, na mzigo wa barabarani unaingia kwa mpaka wa Kasumbalesa. Mteja wa mitaa yetu ya Kenya, Katuba au Kamalondo analeta falanga za Kongo. Kati ya siku falanga inapoingia dukani na siku inapogeuzwa dola kuna muda, na hatari yote ya kiwango inaishi ndani ya muda huo. Simu iliyo kwenye kabati haipotezi chochote dola ikipanda, maana bei yake unaweza kuibadilisha leo. Falanga uliyokwisha kuahidiwa huwezi tena kuibadilisha.

Nichukue mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho. Simu inagharimu dola 90 kwa muuzaji wa Dubai. Usafiri, ushuru na kodi vikiongezwa, inafika dukani ikiwa imekula dola 112. Mwenye duka anataka kuiuza dola 132. Siku hiyo dola inanunuliwa falanga 2,500, kwa hiyo anaandika bei 330,000. Faida ni dola 20, na kodi ya duka, mshahara wa kijana na umeme vinakula kama 12. Zinabaki 8.

Sasa anaiuza kwa mwalimu anayelipwa falanga, kwa miezi mitatu, falanga 110,000 kila mwisho wa mwezi. Mwalimu ni mtu mwaminifu, analipa kila mara kwa tarehe. Mwezi wa kwanza dola imefika 2,580, kwa hiyo 110,000 zinanunua dola 42.6. Mwezi wa pili ni 2,700, zinapatikana 40.7. Mwezi wa tatu ni 2,850, zinapatikana 38.6. Jumla ni dola 122. Dola 10 zimeondoka. Ukitoa 112 za simu na 12 za gharama za duka, mwenye duka amepoteza dola 2 kwa kila simu, wakati daftari lake linaonyesha deni limelipwa lote na mstari mwekundu umepigwa. Kwa simu 24 za mkopo ni hasara ya dola 48, badala ya faida ya 192 aliyoitegemea.

Namba hizi si za kutisha watu. Mwaka 2023 dola ilianza ikiwa karibu na falanga 2,000 na ikamaliza juu ya 2,600, na sehemu kubwa ya kupanda huko ilikuja katikati ya mwaka, kwa wiki chache. Aliyekopesha mwezi wa nne kwa bei ya mwezi wa nne aliyaona haya kwa macho yake.

Kabla ya kugusa mkopo, lazima bei ya taslimu iwe sawa, na hapo kuna kosa dogo ninaloliona kila wiki. Mwenye duka anamuuliza kambisti, mbadilisha pesa wa mtaani, kiwango cha siku: "To iko ngapi leo?" Kambisti, nyuma ya meza yake yenye vitita vya noti vilivyofungwa kwa mpira, anajibu bei mbili: ananunua dola kwa 2,460, anaiuza kwa 2,500. Mwenye duka anarudi na 2,460 kichwani kwa sababu ndiyo aliyozoea kubadilishia. Lakini yeye hauzi dola, yeye anazitafuta. Akipiga 132 mara 2,460 anapata bei ya falanga 324,720, na akienda kununua dola kwa 2,500 anapata 129.9 tu. Dola 2 zimetoka katika zile 8 zake kabla kiwango hakijasogea hata kidogo. Bei ya duka ipigwe kwa kiwango ambacho wewe mwenyewe utanunulia dola. Kiwango kinachotangazwa na Banki Kuu ya Kongo ni cha kulinganisha, si cha kuandikia bei, kama hakuna anayekuuzia dola kwa kiwango hicho.

Bei ya taslimu haina haja ya kubadilishwa kila asubuhi. Mteja aliyeulizia jana na leo akakuta namba nyingine anaona anachezewa. Mimi nashauri mpaka unaotokana na faida yako halisi. Katika mfano wetu dola 8 zinazobaki ni kama asilimia 6 ya bei. Tukikubali theluthi moja ya hiyo iyumbe, ni asilimia 2. Maana yake bei iliyopigwa kwa 2,500 inakaa mpaka kiwango kivuke 2,550 au kishuke chini ya 2,450, ndipo karatasi za bei zinabadilishwa zote siku moja. Na falanga za taslimu zisingoje Jumamosi. Kununua dola mara mbili kwa wiki kunafupisha muda wa hatari bila kumgharimu mteja kitu.

Turudi kwa mkopo, maana ndiko jeraha liliko. Wengi hukimbilia kuandika deni kwa dola: utalipa dola 44 kila mwezi, kwa kiwango cha siku hiyo. Kwa mfanyakazi wa mgodi anayelipwa dola, hiyo ni sawa kabisa. Kwa mwalimu au nesi anayelipwa falanga, hujaondoa hatari, umeihamishia kwa mtu asiye na uwezo wa kuibeba. Mwezi dola inaporuka, yeye ndiye anayechelewa, na deni linalochelewa linakugharimu zaidi ya kiwango chenyewe. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kumkopesha mtu ni mshahara wake unaingia kwa pesa gani. Deni lifuate mshahara.

Kwa anayelipwa falanga, dawa ya kwanza ni kufupisha muda, kabla ya kupandisha bei. Angalia: malipo ya mwisho wa mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu yana wastani wa miezi miwili. Ukiomba theluthi ya kwanza siku ileile anapochukua simu, na mbili zinazobaki miezi miwili inayofuata, wastani unakuwa mwezi mmoja. Kwa viwango vilevile vya mfano wetu, falanga 110,000 za siku ya kwanza ni dola 44, kisha 42.6, kisha 40.7. Jumla 127.4. Hasara imeshuka kutoka dola 10 hadi chini ya 5, na bei haijaguswa.

Kinachobaki ndicho kinachozibwa kwa nyongeza, na nyongeza hiyo isitolewe hewani. Kila Jumamosi andika kwenye daftari kiwango ulichonunulia dola. Baada ya miezi sita una mistari 26. Linganisha kila mstari na ule wa wiki nne mbele yake, kwa sababu wastani wa mkopo wako sasa ni mwezi mmoja, kisha tafuta mahali dola ilipopanda zaidi. Tuseme ni asilimia 3 na nusu. Hiyo ndiyo nyongeza. Bei ya mkopo inakuwa falanga 342,000, yaani 114,000 mara tatu. Ipitishe kwenye viwango vyetu: dola 45.6, kisha 44.2, kisha 42.2. Jumla ni dola 132, kama ilivyotakiwa. Kama angebaki na malipo ya miezi mitatu bila kitu mkononi, angehitaji kuongeza kama asilimia 8, na kwa bei hiyo mteja angevuka barabara kwa jirani.

Nyongeza hii inalipia kiwango tu. Mteja asiyelipa kabisa ni hesabu nyingine. Tena daftari linajua yaliyopita tu. Ukiona bei ya kambisti inazidi kuachana na kiwango cha Banki Kuu wiki baada ya wiki, au unaambiwa noti kubwa za dola hazipo, mikopo ya falanga isimame kwanza, uuze taslimu mpaka hali itulie. Nyongeza ya miezi iliyotulia haitakutosha.

Na pesa ya nyongeza si faida. Inunuliwe dola na iwekwe peke yake kwa ajili ya oda ijayo. Hapo angalia noti zenyewe: dola yenye mpasuko mdogo pembeni hukataliwa hapa kwetu, na noti ya dola 1 watu hawaitaki. Akiba ya noti mbovu ni akiba pungufu.

Kuna upande wa pili ambao watu hawakuutarajia mpaka ulipowafika. Mwaka 2025, kuanzia mwezi wa tisa, falanga ilipata nguvu haraka, kutoka karibu 2,850 kwa dola hadi chini ya 2,400. Aliyekopa falanga milioni 10 wakati wa 2,850 na kuzigeuza alipata kama dola 3,500. Kuzirudisha kwa kiwango cha 2,400 kunataka karibu dola 4,170, na riba haijahesabiwa. Aliyeweka kila senti kwa dola alilipa mishahara na kodi za falanga kwa dola nyingi zaidi. Kwa hiyo falanga za gharama za mwezi mmoja zibaki falanga, wala zisikimbizwe kwa kambisti. Mkopo wa kununulia mzigo uchukuliwe kwa pesa ile ambayo mauzo yako yamefungwa nayo. Duka linalobadilisha bei kwa kiwango cha dola lina mauzo ya dola, hata kama droo imejaa falanga.

Kiwango kikishuka, wateja wa mkopo nao wanasoma. Yule wa 342,000 atakuja kuuliza kwa nini bei ya kabatini sasa ni 317,000. Mama mmoja ninayemshauri aliandika jambo hili mapema kwenye risiti, kwa mkono: dola ikiwa chini ya 2,450 siku ya malipo ya mwisho, punguzo ni falanga 12,000, yaani ile nyongeza yote. Aliwapa wateja 9 punguzo hilo, jumla falanga 108,000. Oda yake iliyofuata ya dola aliilipa yote bila kuja kukopa kwetu.